Mnyoo bapa wa ini: ng'ombe na kondoo wanaposhuka kwenye mashamba ya mpunga

Ndugu wafugaji na maofisa ugani, leo nazungumzia hali moja tu: mifugo inayoshushwa mashambani mpunga ukishavunwa, kama ilivyo kawaida katika bonde la Usangu. Juu kumekauka, na majani mabichi yamebaki kando ya mifereji. Hapo ndipo mnyoo bapa wa nyanda za joto, Fasciola gigantica, anapoingia.

Ng'ombe hamwambukizi ng'ombe mwenzake moja kwa moja. Yai hutoka na kinyesi, na likiangukia maji ya uvuguvugu huanguliwa baada ya wiki mbili tatu. Lava anayetoka ana takriban siku moja ya kumpata konokono, akimkosa, anakufa. Akimpata, huzaliana ndani yake kwa wiki kadhaa, kisha lava wengi hutoka, hujibandika kwenye majani na mabua yaliyo majini na kujifunga kila mmoja katika kifuko kidogo kigumu. Mnyama humeza kifuko hicho pamoja na majani.

Konokono mwenyewe ni Radix natalensis, anayependa maji yanayotembea polepole au yaliyotuama yenye mimea. Mfereji mmoja unaweza pia kuwa na konokono wa kichocho, kwa hiyo mshike hivi: ncha ya gamba juu, mdomo wake ukuelekee. Mdomo ukiwa upande wako wa kulia, gamba likiwa jembamba na pingili ya mwisho imetanuka sana, ndiye huyu. Mdomo ukiwa kushoto, huyo si yeye, na huenda ni wa kichocho.

Sasa vipimo, maana hapa wengi wanapotea. Maji ya chumvi yanayotumika kuelesha mayai ya minyoo wa kawaida hayafai. Yai la mnyoo bapa ni zito na linazama. Tunalitafuta chini. Chukua gramu 3 za kinyesi kilichotolewa kwenye njia ya haja kubwa, koroga katika mililita 50 za maji, chuja kwa chujio la chai, mimina kwenye tyubu na subiri dakika 5. Mwaga maji ya juu taratibu, ongeza mililita 5 za maji safi, subiri dakika 5 tena, mwaga. Tia kwenye mashapo tone moja la rangi ya methilini ya bluu, kisha weka chini ya darubini. Uchafu wa majani utakuwa wa bluu, na yai la mnyoo wa ini litabaki na manjano yake ya dhahabu, likiwa na kifuniko kidogo upande mmoja. Yai la mnyoo bapa wa tumbo la kwanza lina ukubwa unaokaribiana na huo, ila halina rangi. Asiyetia rangi huyachanganya haya mawili, na mifugo hutibiwa ugonjwa usiokuwapo.

Tuseme kundi la ng'ombe 40 na kondoo 20 limeshuka mwanzoni mwa Julai. Mwezi Agosti mnapima, hakuna yai. Msifurahi! Mnyoo huyu huchukua miezi mitatu au zaidi kabla ya kutaga. Wakati huo wadogo wanachimba nyama ya ini. Kondoo anaweza kufa katika kipindi hicho bila yai hata moja kuonekana, na ni ini lililopasuliwa tu litakaloonyesha njia zao zenye damu. Albendazoli haiwaui wadogo hawa, na ivermektini haiwagusi wadogo wala wakubwa. Inayowaua ni triklabendazoli, miligramu 10 kwa kilo kwa kondoo na 12 kwa ng'ombe. Someni lebo kuhusu maziwa na nyama.

Oktoba mayai yanaanza kuonekana. Pimeni wanyama kumi, kwa sababu mayai hushuka kutoka nyongoni kwa vipindi, na mmoja asiye na yai hathibitishi lolote. Lililo muhimu kuliko yote ni kutibu kundi zima likishatoka bondeni, kabla mvua hazijaanza, ili kinyesi chenye mayai kisisombwe hadi mifereji wakati konokono wanaongezeka. Walioambukizwa Oktoba bado watakuwa na minyoo wachanga, hivyo hapa pia triklabendazoli ndiyo inayofaa.

Kuhusu malisho, wekeni birika la maji mbali na mfereji, na maji yanayomwagika yasiachwe yawe tope, kwani mtakuwa mmemjengea konokono makazi mapya. Mabua ya kukatwa yachukuliwe sehemu ya juu. Vifuko hukaa zaidi katika theluthi ya chini, ile iliyokuwa majini. Yaanikeni juani siku 3 kabla ya kulisha. Kumwaga mrututu mferejini sishauri kabisa: unaua samaki, na konokono hurudi.

Baada ya dawa, pimeni tena wiki ya tatu. Mkipima mapema mno, mayai yaliyobaki nyongoni yatawafanya mdhani dawa imeshindwa. Yakionekana bado wiki hiyo, angalieni kwanza kama uzito wa mnyama ulikadiriwa chini.