Jumla Zinazogoma: Jinsi ya Kutambua Excel Iliyowekwa Kwenye Manual

Habari za asubuhi, wahasibu na watunza hesabu mliofika. Leo tuna kosa moja tu la kulichambua, nalo ni la ajabu kidogo, kwa sababu Excel haitoi onyo la maana. Hakuna #REF!, hakuna #VALUE!, hakuna rangi nyekundu. Unabadilisha namba, jumla inakaa vilevile, na fomula ukiikagua ni sahihi kabisa.

Tuanze na shiti ndogo ya mauzo ya duka la vifaa vya ujenzi. Safu ya A ina majina ya bidhaa, B idadi, C bei, na D thamani. Kwenye D2 kuna fomula hii, na zinazofuata chini yake zinafanana nayo:

```
=B2*C2
```

Saruji mifuko 40 kwa 17,000 ni 680,000. Nondo 25 kwa 24,000 ni 600,000. Mabati 30 kwa 28,000 ni 840,000. Misumari kilo 20 kwa 4,000 ni 80,000. Rangi ndoo 6 kwa 55,000 ni 330,000. Chini yake, kwenye D7, tumeandika:

```
=SUM(D2:D6)
```

Jumla ni 2,530,000. Sasa inakuja taarifa kwamba saruji iliyouzwa ni mifuko 65, si 40. Tunaandika 65 kwenye B2, tunabonyeza Enter. D2 ilipaswa kuwa 1,105,000 na D7 ilipaswa kuwa 2,955,000. Lakini D2 bado inasoma 680,000, na D7 bado 2,530,000. Shilingi 425,000 hazionekani popote.

Jambo la kwanza ambalo watu wengi hufanya ni kuchagua D2 hadi D6 kwa kipanya na kutazama chini ya dirisha, pale Excel inapoandika Sum. Ni kipimo kizuri, ila hapa kinadanganya. Kitasoma 2,530,000, kwa sababu kinajumlisha namba zilizoonekana kwenye seli, na moja kati yake ni ya zamani. Jumla na kipimo vinakubaliana, mtu anaridhika, anaendelea na kazi. Kwa hiyo usianzie kwenye jumla. Shuka hadi kwenye seli ya kwanza inayotegemea namba uliyoiandika kwa mkono, chukua kikokotoo cha simu, zidisha 65 kwa 17,000. Pale ndipo uongo unapoonekana.

Kisha fanya hivi: simama kwenye D2, bonyeza F2, halafu Enter, bila kubadilisha chochote. D2 itageuka ghafla kuwa 1,105,000. Hiyo ni kwa sababu hata Excel ikiwa kwenye Manual, yaani imewekwa isikokotoe mpaka iamriwe, fomula inapoingizwa upya hukokotolewa papo hapo. Lakini D7 haiguswi, itabaki 2,530,000. Sasa chagua tena D2 hadi D6: Sum ya chini inasoma 2,955,000 wakati D7 inasoma 2,530,000. Mkikuta picha hiyo, seli moja inaamka ikiguswa na nyingine inaendelea kulala, hamna haja ya kutafuta kosa kwenye fomula.

Dalili nyingine huonekana wakati wa kuburuta fomula. Umeandika fomula ya kwanza kwenye D2, ukapata 680,000, ukaishika kona ya seli na kuiburuta hadi D6. Mistari yote mitano inasoma 680,000. Ukibofya D3, fomula imeandikwa =B3*C3, sahihi kabisa, ila jibu ni la saruji. Nondo, mabati, misumari, vyote vina thamani ya saruji! Excel imenakili fomula pamoja na jibu la mwisho, na haijapewa ruhusa ya kukokotoa upya. Kwa maoni yangu hii ndiyo dalili iliyo wazi kuliko zote, kwa sababu mtu yeyote ataiona kwa macho.

Dalili ya tatu ni neno Calculate linalotokea pembe ya chini kushoto ya dirisha, kwenye ule mstari ambao kwa kawaida husoma Ready. Maana yake kuna seli zinazosubiri. Matoleo ya karibuni ya Microsoft 365 yanaweza pia kuchora mstari katikati ya namba iliyopitwa na wakati, kama namba iliyofutwa kwa kalamu, iwapo Format Stale Values imewashwa. Msiifute seli hiyo mkidhani mtu ameighairi.

Sasa dawa ya kupima. Bonyeza F9. Kitufe hicho huamuru seli zote zinazosubiri, kwenye mafaili yote yaliyofunguliwa, zikokotolewe. Shift na F9 pamoja hukokotoa shiti uliyomo tu, kwa hiyo msizichanganye: ukitumia hiyo, jumla ya shiti nyingine inaweza kubaki ya zamani. Iwapo baada ya F9 jumla imeruka hadi 2,955,000, kesi imekwisha, ni Manual. Iwapo F9 haikubadilisha kitu, tafuta kwingine: pengine namba imeingia kama maandishi, imeegemea kushoto mwa seli, na SUM inairuka, au safu ya fomula haifiki mstari mpya uliouongeza.

Ukitaka kuuona mpangilio wenyewe, nenda kwenye menyu ya Formulas, bofya Calculation Options upande wa kulia. Utakuta chaguo tatu: Automatic, Manual, na la katikati ambalo kwenye matoleo ya zamani linaitwa Automatic Except for Data Tables na kwenye mapya linaitwa Partial. Hilo la katikati linahusu zile Data Table za What-If Analysis peke yake, wala si jedwali la kawaida unalotengeneza kwa Ctrl na T. Kama hutumii What-If, jumla zako hazitakwama kwa sababu yake. Chagua Automatic. Seli zote zilizokuwa zinasubiri zitakokotolewa saa hiyohiyo.

Watu wengi huishia hapo, na wiki inayofuata tatizo linarudi. Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo penye mzizi.

Mpangilio huu unaonekana kama mali ya faili, lakini unapofanya kazi ni mali ya Excel nzima iliyofunguliwa. Faili la kwanza kufunguliwa ndilo linaloamua. Kama lilihifadhiwa likiwa Manual, Excel nzima inaingia Manual, na kila faili linalofunguliwa baada yake linafuata, hata kama lenyewe lilihifadhiwa likiwa Automatic. Zaidi ya hapo, ukihifadhi hilo faili la pili, linahifadhiwa pamoja na Manual. Kesho ukianza kwa kulifungua hilo la pili, nalo linaambukiza mengine. Faili moja lililotumwa kwa barua pepe Jumatatu linaweza kuwa limegusa mishahara, stoo na akiba za wanachama kufikia Ijumaa, bila mtu yeyote kugusa Calculation Options.

Na kinyume chake pia ni kweli. Ukifungua kwanza faili lililo Automatic, kisha lile lenye ugonjwa, lenye ugonjwa litafanya kazi kama Automatic na jumla zitasonga vizuri. Ndiyo maana mwenzako anakuambia, "Mbona kwangu linafanya kazi?" Anasema kweli. Tofauti ni faili lipi kila mmoja wenu alilifungua kwanza.

Kwa hiyo kumtafuta mwenye kuambukiza kuna utaratibu wake. Funga Excel yote, si faili tu. Fungua faili moja peke yake, tazama Calculation Options. Kama ni Manual, badilisha kuwa Automatic, hifadhi, funga Excel yote tena, ndipo ufungue linalofuata. Ukikagua mafaili matano kwa pamoja, unachokiona ni hali ya lile la kwanza, mara tano.

Kuna jambo jingine linaloficha kosa. Kwenye File, Options, Formulas, chini ya Manual kuna kisanduku kinachosema Recalculate workbook before saving, na kwa kawaida kina alama ya vema. Kwa hiyo ukibonyeza Ctrl na S, jumla zinajirekebisha zenyewe. Inasikika kama msaada. Lakini fikiria mtu aliyebadilisha saruji kuwa 65, akachapa karatasi au akatoa PDF, kisha ndipo akahifadhi. Karatasi iliyosainiwa inasoma 2,530,000, faili linasoma 2,955,000, na mkaguzi akizilinganisha anaona kama mtu alichezea namba baada ya saini. Mkiona jumla inaruka mara tu mnapohifadhi, hiyo nayo ni dalili, na karatasi zilizochapwa kabla ya hapo zirudiwe. Na kama kisanduku hicho kimeondolewa alama, faili huhifadhiwa na jumla za zamani ndani yake.

Nimeona mkono kule nyuma. Swali ni kama kuna fomula ya kuonyesha hali ya Excel. Ipo:

```
=INFO("recalc")
```

Itajibu Automatic au Manual. Ila iandike upya kila unapotaka kujua. Ukiiacha juu ya shiti kama taa ya tahadhari, nayo ni fomula kama nyingine: Excel ikiingia Manual, inaweza kuendelea kusoma Automatic kwa sababu haijakokotolewa.

Swali la pili: nani huiweka Manual kama si mtu? Mara nyingi ni makro. Mwandishi wa makro huzima ukokotoaji ili kazi iende haraka, kisha huuwasha mwishoni. Makro ikikwama katikati, mstari wa kuwasha haufikiwi. Dawa ni kuweka njia ya kutokea ambayo hupitiwa hata kosa likitokea:

```
Sub IngizaMauzo()
    Dim hali As XlCalculation
    hali = Application.Calculation
    On Error GoTo Mwisho
    Application.Calculation = xlCalculationManual
    ' kazi yenyewe hapa
Mwisho:
    Application.Calculation = hali
    If Err.Number <> 0 Then MsgBox Err.Description
End Sub
```

Angalieni kwamba makro inarudisha hali iliyoikuta, hailazimishi Automatic. Kuna mafaili mazito ambayo mwenyewe ameyaweka Manual kwa makusudi, kwa sababu kila Enter ingemgharimu dakika nzima ya kusubiri. Huyo ana haki yake, mradi abonyeze F9 kabla ya kuchapa na asifungue faili hilo la kwanza asubuhi akiwa na mengine ya kuhifadhi.