Kabla hamjaiinua: uzito wa linta ya zege

Mhadhara kwa mafundi ujenzi na wanafunzi wa ufundi

Habari za asubuhi, mafundi. Shikamooni wazee mliokaa kule nyuma, nanyi vijana karibuni.

Nianze na linta moja iliyonitia aibu. Nilikuwa nasimamia ujenzi wa nyumba ya mtu. Madirisha tulikuwa tumeshayamaliza: linta tulizimwaga chini, zikakaa siku zake, watu wanne wakazipandisha bila taabu. Tukafika kwenye banda la gari. Mlango wake ulikuwa mpana karibu mara mbili ya dirisha, nami nikasema kwa sauti ya mtu anayejua: "Hii ni kama linta mbili za dirisha, tafuteni watu wanane." Wanane wakaja. Wakainama, wakashika, wakasema haya, tatu! Linta haikunyanyuka hata ya kupitisha kidole.

Leo nitawaonyesha nilikosea wapi. Twende kwanza kwenye linta ya dirisha.

Dirisha lina upana wa mita 1.5. Ukuta ni wa tofali za kusimamisha, kwa hiyo upana wa linta ni sentimita 15. Kimo chake sentimita 20. Urefu je? Naona kijana hapa mbele ameandika 1.5. Futa, mwanangu. Dirisha ni mita 1.5, lakini linta lazima ikalie ukuta pande zote mbili, nasi tuliikalisha sentimita 20 kila upande. Urefu ni mita 1.9. Anayepima uwazi wa dirisha akasahau vikalio amepoteza sentimita 40, na sentimita 40 za zege hili ni kilo 30, mtoto wa miaka tisa hivi amebebwa juu ya linta bila kuhesabiwa.

Ujazo sasa. Geuza kila kitu kuwa mita kabla hujazidisha: 0.15 mara 0.20 mara 1.90, unapata mita za ujazo 0.057. Mkizidisha kwa milimita mtapata 57,000,000, na hapo ndipo watu hupotea, maana wanagawanya kwa milioni moja wakidhani wamefika kwenye mita. Mita moja ya ujazo ina milimita za ujazo bilioni moja. Ukiona linta ya dirisha imekupa ujazo wa 57, jiulize lori ngapi zingeileta.

Mita moja ya ujazo ya zege la kawaida, la kokoto ngumu na mchanga, bila nondo, huchukuliwa kuwa na kilo 2400. Likiwa na nondo tunachukua 2500. Kwa hiyo 0.057 mara 2500 ni kilo 142.5. Hiyo ni mifuko mitatu ya saruji kasoro kidogo. Watu wanne, kila mmoja kilo 36. Ndiyo maana ilipanda bila taabu.

Mzee hapa anauliza: hizo kilo 100 za ziada zimetoka wapi, au ni desturi tu? Swali zuri, na tuna linta ya kulijibia. Ndani yake mlikuwa na nondo nne za milimita 12, kila moja mita 1.85. Hizo ni mita 7.4. Nondo ya 12 ina kilo 0.888 kwa mita, kwa hiyo kilo 6.6. Ringi zilikuwa 13 za milimita 8, kila moja imekula sentimita 60 pamoja na ndoano zake; mita 7.8, kilo 0.395 kwa mita, zinatoka kilo 3.1. Chuma chote kilo 9.7.

Sasa msijumlishe kilo 9.7 juu ya zege. Pale nondo ilipolala, zege halipo. Chuma kina kilo 7850 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kilo 9.7 zimechukua nafasi ambayo zege lingekuwa na kilo 3 hivi. Ongezeko halisi ni kilo 6.7. Zege tupu la ujazo ule ni kilo 136.8, ongeza 6.7, unapata 143.5. Ile hesabu ya haraka ya 2500 ilitupa 142.5. Tofauti ni kilo moja. Na linta hii ina chuma kingi, asilimia mbili ya ujazo wake. Ikiwa na nusu ya chuma hicho, uzito wa mita ya ujazo ungekuwa kama 2460, na 2500 ingekuwa imezidisha kidogo. Kwenye kuinua, kuzidisha kidogo hakumvunji mtu mgongo.

Mwenzenu anayechora majengo ataandika kilonewton 25 kwa mita ya ujazo. Ni jambo lilelile, yeye anahesabu nguvu.

Haya, sasa nawapa hesabu ya kufanyia kichwani mkiwa na futi kamba tu mkononi. Zidisha upana kwa kimo kwa sentimita, gawa kwa 4. Jibu ni kilo kwa kila mita ya linta. 15 mara 20 ni 300, gawa kwa 4 ni 75. Kilo 75 kwa mita. Mita 1.9 mara 75, 142.5, palepale. Si uganga: mkato wa sentimita moja kwa moja, kwa urefu wa mita moja, una robo kilo ya zege lenye nondo. Wazee wanaopima kwa inchi nao wana yao: zidisha inchi kwa inchi, gawa kwa 2, ni kilo kwa futi. 6 mara 8 ni 48, nusu yake kilo 24 kwa futi. Imezidi kidogo sana, msiihofu.

Turudi kwenye banda la gari. Uwazi mita 3, vikalio sentimita 20 kila upande, urefu mita 3.4. Kwa urefu ni mara 1.8 ya linta ya dirisha, ndiyo maana niliona "linta mbili". Lakini ukuta wa banda ulikuwa wa tofali za kulaza, upana sentimita 23. Na kwa kuwa uwazi ni mpana, mchoro ulitaka kimo cha sentimita 30. Hesabu mkato: 23 mara 30 ni 690. Gawa kwa 4: kilo 172.5 kwa mita. Ile ya dirisha ilikuwa 75! Kila mita ya linta hii ilikuwa nzito mara 2.3. Zidisha kwa mita 3.4: kilo 586.5.

Nusu tani na ushee. Watu wanane, kila mmoja kilo 73, na unataka waipandishe juu ya vichwa vyao wakiwa wamesimama kwenye jukwaa la mirunda. Jicho langu lilipima urefu likasahau mkato. Urefu unauona kwa mbali. Sentimita 8 za upana na 10 za kimo huzioni mpaka uziandike.

Mmoja akaleta wazo la cheni bloku. Nikaangalia kibao chake: kilo 500. Watu wakasema, si imepita kidogo tu? Hiyo kidogo ni kilo 86, na bado hujahesabu minyororo ya kufungia, wala mtikisiko linta inapoachia chini. Tukaikataa. Mwishowe ile linta tuliiacha pale chini, ikaja kuwa daraja la mtaro, na ya mlango tukaimwagia juu kwa juu kwenye boksi. Mwenye nyumba alilipa zege mara moja, la pili nililipa mimi.

Hata ukimwaga juu, uzito haujakwenda popote. Umehama kutoka mabegani kwenda kwenye mirunda. Zege bichi na nondo zake hesabu kilo 2600, sababu maji yake bado yamo. Mkato ule unakupa karibu kilo 180 kwa mita. Mrunda kila sentimita 60 unabeba kama kilo 108 za zege peke yake, na fundi anayesimama juu ya boksi na ndoo yake bado hajahesabiwa.

Kitu kingine kinachodanganya hesabu ni boksi lenyewe. Umechora 20, fundi amejaza mpaka 22 kwa sababu ubao ulikuwa na kimo hicho. Kwa linta ya dirisha, 15 mara 22 ni 330, gawa kwa 4, zidisha kwa 1.9: karibu kilo 157. Umeongeza kilo 14 kwa sentimita mbili. Boksi likitoa tumbo katikati, nalo ni hivyohivyo. Kwa hiyo usipige hesabu ya kuinua kutoka kwenye mchoro. Ipime linta yenyewe, katikati na nchani.

Na ile 2500? Inategemea zege lako. Kama kokoto ni za mawe mepesi ya volkano, yale yenye vitundu, itakuwa chini. Tupa makisio, pima. Mchemraba wa majaribio wa sentimita 15 una ujazo wa 0.003375. Wa zege zuri la kawaida unapaswa kusoma kama kilo 8.1 kwenye mizani, na hiyo ndiyo 2400 yetu. Ukisoma 7.6, zege lako ni kama 2250, na kama kokoto ni za kawaida usifurahie wepesi: kuna hewa ndani, halikushindiliwa. Fungua boksi la linta uangalie pembeni, utakuta vitundu kama sega la nyuki, mara nyingi chini kwenye nondo. Linta hiyo ni nyepesi kubeba, lakini nisingependa kukaa chini yake. Kwa zege bichi tumia ndoo ya lita 10: ijaze, ishindilie, isawazishe, ukitoa uzito wa ndoo ibaki kama kilo 24 hadi 25.

Mama pale anauliza kama ni lazima wote wanyanyue kwa pamoja. Hapana, na mafundi wazoefu hawafanyi hivyo. Ukiinua ncha moja huku nyingine imekaa chini, unabeba nusu tu. Linta ya dirisha, kilo 71 kwa watu wawili. Weka ncha hiyo kwenye stuli ya mbao, nenda ncha ya pili. Unapanda kwa ngazi, upande mmoja kila mara. Ila hakikisha maandishi ya JUU yanatazama juu, hasa kama nondo nene ziko chini tu.

Nimewawekea linta moja nje, chini ya mwembe. Upana 15, kimo 18, urefu mita 1.3. Msiniambie jibu hapa, liandikeni kwenye karatasi. Nataka watu wanne, wawili kila ncha, na kabla hawajagusa nataka kujua kila ncha ina kilo ngapi. Mizani miwili ya gunia iko tayari. Wewe uliyeandika 1.5, tangulia.