Friji la soda: chupa 17 za kwanza si zako

FUNDI: Dada, wiki iliyopita ulisema kila soda inakuachia 150. Umeipataje?

MAMA DUKA: Nanunua 550, nauza 700. Si ndiyo hiyo?

FUNDI: Hiyo ni soda ya moto. Ya baridi imebeba friji mgongoni. Ulipima umeme?

MAMA DUKA: Nilipima. Juzi asubuhi nilisoma LUKU, nikazima feni na redio, likabaki friji na taa moja. Kesho yake saa ile ile zilikuwa zimeondoka uniti 4 na kidogo.

FUNDI: Hicho kidogo ni cha taa. Afadhali ulingoja siku nzima, maana usiku kuna ubaridi na mlango haufunguliwi. Ungepima usiku tu, ungeona friji linakula kidogo, kumbe wapi.

MAMA DUKA: Nikinunua umeme wa 10,000 napata uniti 28. Kila uniti ni kama 357, kwa hiyo friji linakula 1,430 kwa siku.

FUNDI: Na lenyewe ulilinunua?

MAMA DUKA: 900,000, jipya.

FUNDI: Tuseme litakaa miaka 5. Hapo kila siku weka pembeni 500. Zilizoharibika je?

MAMA DUKA: (anacheka) Hapo ndipo paliponiuma. Jua lilivyokuwa kali nikazungusha swichi ya baridi hadi mwisho. Chupa za nyuma zikaganda na kupasuka, 4 kwa wiki.

FUNDI: Zilikuwa zimegusa ukuta wa ndani. Huko ndiko baridi inakotoka.

MAMA DUKA: Soda 550, na chupa tupu nailipia 350. Inakuwa 900 kila moja.

FUNDI: Yaani ikipasuka moja, umeuza 6 bure.

MAMA DUKA: Weee! Sikuwahi kuiona hivyo. Kwa wiki ni 3,600, kama 510 kwa siku.

FUNDI: Jumlisha sasa.

MAMA DUKA: Umeme 1,430, friji 500, hasara 510. Jumla 2,440. Nikigawa kwa 150 ni chupa 16 na kidogo. Kwa hiyo hadi ya 17 nalifanyia kazi friji!

FUNDI: Siku za joto unauza ngapi?

MAMA DUKA: 40. Inabaki 3,560, yaani 89 kwa chupa, siyo 150. Lakini masika nauza 15 tu.

FUNDI: Masika umeme unapungua kidogo, ila friji haliulizi umeuza ngapi. Kwa chupa 15 unakula mtaji.

MAMA DUKA: Nimesharudisha swichi katikati na kuacha nafasi ya vidole viwili nyuma. Zisipopasuka, natoka kwenye chupa ya 13.

FUNDI: Na mpira wa mlango? Bana karatasi mlangoni, ufunge, uivute.

MAMA DUKA: Juu ilikataa kutoka. Chini, upande wa bawaba, ikachomoka yenyewe.

FUNDI: Basi hapo ndipo baridi inapotorokea. Jumamosi nakuja na mpira mpya, halafu utapima LUKU tena.