Mkono wa gauni na beseni la dagaa

(Mhadhara kwa mafundi cherehani, Kigoma)

Shikamooni wakubwa, na vijana, hamjambo. Nilichokuja nacho ni kosa langu mwenyewe.

Kuna mama anauza dagaa Kibirizi. Alileta kitenge, akataka gauni la mkono wa kupachika, unaokaa safi begani. Nikamshonea. Mbele ya kioo alipendeza. Siku ya pili akarudi: "Fundi, nikishika beseni kichwani gauni lote linapanda, nabaki magoti nje." Nikafanya kama wengi wetu tunavyofanya, nikachimba kwapa inchi moja ili apate nafasi. Akainua mikono, gauni likapanda zaidi.

Sababu ni hii. Shimo la mkono likishuka, mkono wa nguo unaanzia mbali na kwapa, chini kwenye mbavu. Mtu akiinua mkono, anavuta ubavu mzima wa gauni. Shimo likiwa juu karibu na kwapa, lisibane tu, kinachosogea ni mkono peke yake. Kwa hiyo nilizidisha ugonjwa nikidhani natibu.

Lakini kwapa lilikuwa nusu tu ya kesi. Nusu nyingine ilikuwa kichwa cha mkono, yaani kile kilima cha juu tunachopachika begani. Shimo la kwanza, kabla sijalichimba, lilizunguka inchi 17. Nusu yake ni 8 na nusu, na huo ndio mstari wa mshazari kutoka kileleni mwa kilima hadi kwapani. Mimi nilikata kilima cha inchi 5 na nusu, upana wa mkono ukatoka kama inchi 13. Ningeshusha kilima hadi inchi 4, kwa mshazari uleule, upana ungefika 15. Mzunguko haujabadilika, ila ukipunguza urefu wa kilima unapata upana. Ule mviringo mnaouchora juu ya mshazari ndio unaoongeza ziada kidogo ya kupachikia. Kwa kitenge nusu inchi inatosha, kwa sababu pamba ngumu haikubali kunywea kwa pasi kama sufu. Ukizidisha, begani panatokea vikunjo ambavyo hukuvikusudia.

Basi kwa nini tusishushe kilima kila mara? Tazameni mtu aliyesimama mikono chini. Kilima kirefu kinaning'inia wima, bega linaonekana limechongwa. Kilima kifupi kinatoa mikunjo ya mshazari kutoka ncha ya bega hadi kwapani, na mwili unaonekana mpana kifuani. Mteja wa harusini mpe kilima kirefu. Wa beseni mpe kifupi, na mikunjo mwambie mapema.

Dolmani, ule mkono wa popo, umekatwa pamoja na kiwiliwili. Kilima hakipo kabisa, kwa hiyo kitambaa chote cha ziada kinarundikana chini ya kwapa. Bega linapotea, kiuno nacho kinafichika usipofunga mkanda. Raglani mshono wake unatoka shingoni hadi kwapani. Jina limetoka kwa Lodi Raglani, jemadari wa Kiingereza aliyepoteza mkono wa kulia Waterloo mwaka 1815. Mshono ule unavuta jicho kuelekea shingoni, kwa hiyo bega pana linaonekana dogo. Mwenye mabega yaliyoteremka msimpe, atateremka zaidi.

Mkono wa puto mnaupenda, naujua. Mnachanja patani kuanzia juu na kuitanua, lakini mnasahau kuinua kilima pia, angalau inchi moja. Bila hivyo marinda yanalala pembeni badala ya kusimama. Halafu punguzeni bega la gauni nusu inchi kila upande, puto lisimame juu ya mfupa. Likianzia nje ya mfupa linaanguka, mteja anaonekana kama kavaa nguo ya dada yake. Likisimama vizuri, bega linapanuka na kiuno kinaonekana chembamba bila kuguswa.

Mkono wa askofu unachanjwa kuanzia chini, ukakusanywa kwenye kafu. Mtu akisimama, kafu inafika wapi? Nyongani. Yaani upana wote umeuweka usawa wa nyonga. Mwembamba atakushukuru. Mwenye nyonga zake, mkono uishie juu kidogo, au marinda yawe machache.

Na yule mama? Kitambaa kilichokatwa hakirudi. Nikaazima kwa mafundi wa kanzu kile kipande cha kwapani, kikwapa. Nikakata pembe nne sawa za inchi 4, nikafumua mishono inapokutana kwapani, nikakipachika kwa mshazari. Nikaweka pini kwenye pindo usawa wa goti, nikamwambia ainue mikono. Pini ikapanda, ila goti halikutoka. Akauliza kile kiraka ni cha nini. Nikamwambia ndiyo fasheni ya Ujiji.