Mkupuo au Pensheni Nzima? Hesabu ya Mwalimu wa Mokowe

Bi Rukia: Hamjambo, tuko Lamu, Langoni. Leo tunalo swali la mwalimu wa Mokowe. Anastaafu tarehe 31 Desemba 2025, na ataka kujua atapata ngapi kwa mwezi. Shee, tuanzie wapi?

Shee: Kwanza tujue yuko mfuko gani. Mpango mpya wa kuchangia ulianza Januari 2021, ukawachukua waliokuwa chini ya miaka 45. Huyu alikuwa amevuka umri huo na akabaki kwenye mpango wa zamani, ule wa Sheria ya Pensheni. Huko mfanyakazi hujengewa pensheni kwa mshahara wa mwisho na muda wa kazi, wala si kwa akiba yake.

Bi Rukia: Kwa kiwango gani?

Shee: Kila mwezi uliokamilika humpa sehemu moja ya 480 ya mshahara wa msingi. Miezi 12 ni moja ya 40, yaani asilimia 2.5 kwa mwaka.

Bi Rukia: Ametuambia msingi wake ni shilingi 48,000. Lakini ukijumlisha na marupurupu, hati yake inasoma 62,000.

Shee: Hapo ndipo wengi huteleza. Pesa ya nyumba na ya usafiri haiingii. Akitumia 62,000 atapata zaidi ya 50,000 kwa mwezi, na pesa hizo hazipo. Achukue 48,000 tu.

Bi Rukia: Na muda? Aliajiriwa tarehe 11 Mei 1993.

Shee: Mpaka 10 Desemba 2025 ni miaka 32 na miezi 7. Zidisha 32 kwa 12, upate 384, ongeza 7: miezi 391. Zile siku 21 za mwisho wa Desemba hazikamilishi mwezi, zinaanguka.

Bi Rukia: Kwa hiyo?

Shee: 

```
48,000 × 391 ÷ 480 = 39,100
```

Shilingi 39,100 kwa mwezi, kabla hajagusa mkupuo. Na kwa bahati nzuri, 48,000 ukigawanya kwa 480 ni 100 kamili, kwa hiyo kila mwezi wa kazi una thamani ya shilingi mia moja katika pensheni yake.

Bi Rukia: Basi mtu aliyechukua mwaka mzima wa likizo bila malipo kwa shughuli zake...

Shee: Miezi hiyo 12 haihesabiwi. Angebaki na 379, pensheni ishuke hadi 37,900. Ni 1,200 kila mwezi, maisha yake yote. Ndiyo maana kabla ya kujaza fomu mtu aangalie rekodi yake ya kazi: barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini, na barua zozote za likizo ya namna hiyo. Tarehe ya kuajiriwa ikiandikwa vibaya, kosa linaingia ndani ya hesabu na halionekani tena kwenye jumla.

Bi Rukia: Haya, mkupuo sasa. Hapa ndipo nyumba huanza kubishana.

Shee: Anaruhusiwa kuuza robo ya pensheni yake. Pensheni ya mwaka ni 39,100 mara 12, yaani 469,200. Robo yake ni 117,300. Serikali huizidisha mara 20:

```
117,300 × 20 = 2,346,000
```

Hizo anapewa kwa mara moja. Zinazobaki ni robo tatu, 29,325 kwa mwezi.

Bi Rukia: Amepoteza 9,775 kila mwezi.

Shee: Ndiyo. Na gawanya 2,346,000 kwa 9,775, unapata miezi 240. Miaka 20. Haijalishi mshahara wako ni upi, jibu ni hilo hilo, kwa sababu ile 20 ya kuzidisha ndiyo miaka yenyewe. Anayestaafu na miaka 60, mkupuo humpa faida mpaka afike 80, kabla ya kuhesabu riba.

Bi Rukia: Ukihesabu riba?

Shee: Mizani inaelemea mkupuo, maana pesa ya leo ina uwezo kuliko ya mwaka 2045. Mimi ningeuchukua, lakini iwapo tu una kazi ya kuufanyia. Kama utamalizika kwenye harusi mbili tatu, afadhali zile 9,775 zije kila mwezi.

Bi Rukia: Hapo nakubishia kidogo. Mwenye deni la benki la kumaliza hana la kufikiri, alipe.

Shee: Hilo sawa. Lakini aamue kabla ya kuondoka kazini. Akishastaafu, hana njia ya kurudi.

Bi Rukia: Na wale wanaolalamika kwamba pensheni imekatwa?

Shee: Wachukue msingi wao, wazidishe kwa miezi, wagawe kwa 480. Wakiona kinachoingia benki ni robo tatu kamili ya jibu hilo, hiyo ndiyo athari ya mkupuo waliousaini. Ikiwa tofauti ni ndogo kuliko robo, au haigawanyiki vizuri, hapo ndipo waulize miezi mingapi imehesabiwa, na msingi upi umetumika.