Asilimia moja ya nini? Mhadhara kuhusu kukata advansi ya mshahara

Habari za mchana. Wengi wenu mnaandaa mishahara kila mwezi, kwa hiyo sitaeleza advansi ni nini. Naanza na swali ninalolirudia kila nikipewa kipaza sauti: fomu yenu ikisema "riba asilimia 1 kwa mwezi", ni asilimia 1 ya nini?

Naona mnacheka. Haya, tuandike mfano ubaoni. Mfanyakazi ana mshahara ghafi wa 900,000. Kodi na mchango wa pensheni vinachukua 150,000, anabaki na 750,000 mkononi. Anaomba advansi ya 600,000, ikatwe kwa miezi 6, riba asilimia 1 kwa mwezi. Sarafu wekeni mnayoitaka, hesabu haibadiliki.

Karani wa kwanza anafanya hivi: asilimia 1 ya 600,000 ni 6,000. Mara miezi 6, riba ni 36,000. Anajumlisha na deni, anapata 636,000, anagawa kwa 6. Makato ni 106,000 kila mwezi, na mkononi ni 644,000 kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa sita. Ni safi na rahisi, kila mtu anaelewa.

Karani wa pili anakata 100,000 ya deni kila mwezi na kutoza riba juu ya salio tu. Mwezi wa kwanza salio ni 600,000, riba ni 6,000, makato ni 106,000 na mkononi ni 644,000. Mpaka hapo slipu za makarani wote wawili zinafanana kama pacha, na ndiyo maana hakuna anayelalamika mapema. Mwezi wa pili salio ni 500,000, riba inashuka hadi 5,000, mkononi ni 645,000. Wa tatu riba ni 4,000, wa nne 3,000, wa tano 2,000, na wa sita 1,000, ambapo mkononi kunafika 649,000. Jumlisheni riba: 21,000.

Fomu ni ileile, neno ni lilelile "asilimia 1", lakini mmoja amelipa 36,000 na mwenzake 21,000. Najua kuna atakayesema, "Ni 15,000 tu, kwa nusu mwaka." Sawa, lakini tuangalie kilichotokea. Mwezi wa sita mfanyakazi wa karani wa kwanza anadaiwa 100,000 tu ya deni la msingi, na anatozwa riba ya 6,000. Hiyo ni asilimia 6 ya anachodaiwa mwezi huo. Mkitafuta kiwango cha riba juu ya salio kitakachozaa makato ya 106,000 kwa miezi 6, mtapata karibu asilimia 1.7 kwa mwezi. Kama kampuni inataka 1.7, iandike 1.7. Mimi sigombani na riba, nagombana na fomu inayosema namba moja huku slipu ikikata nyingine.

Mwingine ataniambia, "Lakini wafanyakazi wanapenda makato yasiyobadilika, wapange bajeti." Kweli kabisa, na hilo lina dawa isiyohitaji kuongeza riba. Fungueni Excel, andikeni:

```
=PMT(1%,6,-600000)
```

Itawapa 103,529 na senti kidogo. Hayo ndiyo makato ya kila mwezi, na mkononi ni 646,471. Mwezi wa kwanza 6,000 ni riba na 97,529 inapunguza deni, salio linakuwa 502,471. Mwezi wa pili riba ni 5,025, na kuendelea hivyo, sehemu ya riba ikipungua na sehemu ya deni ikikua. Ukizungusha senti hadi namba nzima iliyo karibu kila mwezi, mwezi wa sita utabakiwa na deni la 102,505 na riba ya 1,025, yaani 103,530. Hiyo 1 ya ziada ikatwe mwezi wa mwisho. Tafadhali msiiache. Salio la 1 lililosahaulika huweka mkopo "hai" ndani ya programu ya mishahara, na mtu anapoomba advansi nyingine anaambiwa bado anadaiwa.

Sasa mahali hesabu inapoharibika hata kwa walioanza vizuri. Tuseme ni karani wa pili, na mwezi wa nne mfanyakazi yuko likizo isiyo na malipo kwa siku nyingi. Mshahara umeshuka, mnakubaliana kwa maandishi akatwe 40,000 tu. Alikuwa anadaiwa 300,000. Riba ya mwezi huo ni 3,000, inatoka kwanza, kwa hiyo deni limepungua kwa 37,000 na salio ni 263,000. Mwezi wa tano riba ni 2,630, siyo ile 2,000 iliyochapwa kwenye jedwali la mwanzo. Akikatwa 100,000 pamoja na riba, mkononi ni 647,370. Mwezi wa sita riba ni 1,630. Mwezi wa saba anamalizia 63,000 na riba ya 630, mkononi 686,370. Dalili ya kosa ni kwamba jedwali limefika mwezi wa sita likasema "imekwisha" wakati leja bado inaonyesha deni. Riba isomwe kutoka kwenye salio la mwezi uliotangulia, isinakiliwe kutoka kwenye karatasi iliyosainiwa siku ya kwanza.

Nimeonyeshwa saa. Nina mambo matatu, nitapita haraka.

La kwanza ni kodi. Makato ya advansi yanakuja baada ya kodi. Ni deni analolipa mtu kutoka kwenye pesa yake, hayapunguzi mapato yanayotozwa kodi. Ukiyaweka juu ya mstari wa kodi, na kiwango kinachomgusa mtu huyu ni asilimia 20, basi kila 100,000 inapunguza kodi kwa 20,000. Kwa miezi 6 ni 120,000 ambayo mamlaka ya kodi itaidai baadaye. Utalitambua kosa hili kirahisi: kodi kwenye slipu imeshuka mwezi uleule advansi ilipoanza kukatwa, na mshahara ghafi haujabadilika.

La pili, kiwango cha chini cha kumbakizia mtu. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1949, unaruhusu makato ya mshahara kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, mikataba ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Kwa hiyo angalieni sheria yenu, kisha jumlisheni makato yote, ya advansi, ushirika, bima na benki, kabla ya kuidhinisha. Watu hupima advansi peke yake, halafu wanashangaa.

La tatu, uhasibu, ile habari ya wanaoingiza advansi kama gharama ya mishahara... hilo tuliache, linataka siku yake.

Ndiyo, mama, nimekuona. Akiacha kazi mwishoni mwa mwezi wa tatu? Kwa karani wa pili anadaiwa 300,000, na riba ya miezi mitatu ameshailipa. Inakatwa kwenye malipo ya mwisho kwa kadiri sheria inavyoruhusu, kinachobaki kinaandikiwa makubaliano. Kwa karani wa kwanza atadaiwa 318,000, yaani pamoja na riba ya miezi mitatu ambayo hatakuwa na pesa ya mtu mikononi. Hapo ndipo atakapokuja ofisini kwako na ile fomu, akuulize asilimia 1 ya nini.