Soma picha ya chupa ya dawa ya ng'ombe kabla hujalipa: kifuniko, kioo, lebo

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari zenu. Leo tunasoma chupa ya dawa ya mifugo kwa picha, kwa sababu biashara nyingi siku hizi inapita WhatsApp: muuzaji anakutumia picha, wewe unatuma hela, dawa inakuja na basi.

Mezani nina chupa mbili za OTC, yaani oksitetrasaiklini, ya asilimia 20, za ml 100, kioo cha kahawia. Ya kushoto imetoka kwenye boksi la wakala, hiyo ni ya kulinganishia. Ya kulia ndiyo tunayoitilia shaka. Nimechagua OTC makusudi. Kipimo chake ni ml 1 kwa kila kilo 10 za uzito, kwa hiyo ng'ombe wa kilo 250 anachukua ml 25, na chupa inaisha kwa ng'ombe wanne. Matokeo yake chupa tupu zenye lebo halali zimetapakaa kila penye josho, na mwenye nia mbaya hahitaji kuchapa chochote. Anaokota, anajaza, anafunga. Shikeni hilo, maana kila sehemu ya chupa inajibu swali lake. Kifuniko kinasema kama chupa imefunguliwa. Kioo kinasema kama imeshatumika. Lebo inasema kama imechapwa kiwandani. Chupa iliyojazwa upya itapita mtihani wa lebo vizuri kabisa, ndiyo maana hatuanzi na lebo.

Kwanza picha. Futa lensi ya simu kwa kitambaa safi. Zima flashi. Kaa sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye chupa halafu vuta kwa zumu ya 2x. Usiisogeze simu hadi inagusana na chupa, picha itapinda pembeni. Kama picha inatoka kwa muuzaji, mwambie aitume kama Document, siyo kama picha ya kawaida. WhatsApp inaibana picha ya kawaida, na inapoibana inavuruga rangi kwenye kingo za herufi. Picha ya hivyo haifai kusomea lebo. Narudia: haifai kusomea lebo. Kifuniko unaweza kukiangalia, lebo hapana.

Haya, kifuniko. Subirini, mwanga unarudi kwenye alumini, hamuoni kitu hapo, ni weupe mtupu. Naihamisha tochi... nailaza pembeni, iwe chini kabisa, karibu igusane na meza. Hapo sasa. Mwanga wa ubavuni ndio unaoonyesha mikunjo. Mwanga wa juu unaifuta.

Angalieni hapa chini, alumini inapoingia chini ya mdomo wa chupa. Hili ni pindo. Kiwandani chupa inazungushwa na kirola kinalikunja pindo kidogo kidogo, kwa hiyo mkunjo unakuwa laini, upana uleule pande zote, na mstari wa mwanga unaizunguka chupa bila kukatika. Sasa ya kulia. Mnaona mstari unakatika? Hapa, hapa, na hapa tena, kwa nafasi zinazolingana. Hizo ni alama za meno ya koleo la mkono la kubania vifuniko. Katikati ya meno alumini imejikunja vijikunjo kama kiuno cha sketi ya marinda. Kiwanda kinachojaza maelfu ya chupa hakibani kwa mkono. Geuza chupa robo robo, piga picha nne, usiamini upande mmoja.

Kitu cha pili: kifuniko kilichobanwa sawasawa hakizunguki kwa vidole. Kwenye picha utajuaje? Mwambie muuzaji achore mstari mmoja wa kalamu ya maka kutoka kwenye alumini kushuka hadi kwenye shingo ya kioo, akamate kifuniko kwa vidole vitatu, akizungushe kwa nguvu ya kawaida, apige picha tena. Vipande viwili vya mstari, cha juu na cha chini, vikiachana, kifuniko kimelegea. Kulegea peke yake siyo ushahidi wa ughushi, mashine ya kiwandani nayo huweza kukosea, lakini chupa ya namna hiyo inaweza kupitisha hewa na vijidudu, kwa hiyo usiinunue vyovyote vile.

Halafu hiki kitufe cha plastiki cha juu. Wapo wasiogusa alumini kabisa. Wanang'oa kitufe, wanatumia sindano kupitia mpira, wanajaza, wanakirudisha kwa gundi. Hapo pindo litakuwa zuri na wewe utaridhika. Kwa hiyo angalia ukingo wa kitufe: supa gluu inapokauka huacha ukungu mweupe kwenye plastiki na alumini kuizunguka. Naona huku kamera haishiki... naweka karatasi nyeusi nyuma. Sawa, ule ukungu pale kushoto mwa kitufe cha chupa ya kulia, siyo vumbi, nimeshaufuta na hautoki. Chupa ikishakuwa mkononi mwako, ng'oa kitufe mwenyewe na uumulike mpira kwa tochi ya ubavuni kabla hujachoma. Mpira mzima hauna tundu. Sindano nene ya ng'ombe huacha alama ndogo hata mpira ukishajifunga.

Kioo. Tochi sasa inahamia nyuma ya chupa, na kati yake naweka karatasi nyeupe ili mwanga utawanyike. Watu wengi wanaona mstari unaopanda ubavuni mwa chupa wanasema feki. Hapana. Huo ni mshono wa kalibu. Chupa za kioo cha kumimina zina mishono miwili inayotazamana, na kitako kina namba au nembo iliyotokeza ya mtengenezaji wa kioo. Kiputo kimoja kidogo cha hewa nacho siyo kesi. Kinachotia wasiwasi ni shingo iliyoinama, kitako kinene upande mmoja, michirizi mingi, au namba ya kitakoni ya namna tofauti kabisa na ya chupa ya kulinganishia.

Lakini kwangu mimi kitu kizuri kuliko vyote kwenye kioo ni mkwaruzo. Angalieni bega la chupa na hapa juu kidogo ya kitako: kuna mkanda mweupe uliofifia unaozunguka. Ndipo chupa zinaposuguana. Chupa mpya inakuwa na mkanda hafifu au haina. Iliyozunguka kwenye magunia na kuoshwa kwa mchanga inakuwa nao mzito. Sasa mtu ataniambia hii imesafiri kwenye pikipiki, lazima isuguke. Sawa, basi na lebo isuguke vilevile. Kioo kilichochakaa chini ya lebo inayong'aa havijasafiri pamoja. Hii ya kulia iko kinyume: kioo kimechakaa na lebo imechakaa, kingo zimeinuka. Maana yake lebo na chupa vimekaa pamoja muda mrefu, na kifuniko hiki kinachometameta ndicho mgeni.

Sasa lebo, na hapa twende polepole. Lebo ya rangi huchapwa rangi moja baada ya nyingine, na kila rangi inatakiwa ikae juu ya mwenzake. Ili kulinganisha, mchapaji huweka alama za rejista, yaani vimisalaba vyembamba au vinukta vya rangi pembeni, ambavyo kwa kawaida hukatwa au hufichwa pale lebo inapopandiana. Ukikuta kipande cha msalaba kimebaki kwenye ukingo unaoonekana, na ukingo wenyewe umepinda, huenda lebo imekatwa kwa mkono kutoka kwenye karatasi kubwa. Ila msichanganye na kile kimstatili cheusi kitupu cha pembeni. Hicho ni cha jicho la mashine ya kubandika, ni cha kawaida.

Rangi zisipolingana, herufi inakuwa na kivuli cha rangi nyingine upande mmoja, au uwazi mweupe upande wa pili. Na hapa ndipo watu wanapowaonea wauzaji wa haki, kwa sababu lensi ya simu nayo inatengeneza kivuli kama hicho. Fanya hivi. Weka herufi katikati ya picha, siyo pembeni. Piga. Pindua chupa, kitako juu. Weka herufi ileile katikati. Piga tena. Kivuli kikiwa cha lebo, kinapinduka pamoja na lebo: kilichokuwa kushoto kwenye picha kinakuwa kulia. Kikiwa cha lensi hakiifuati lebo. Usihukumu lebo kwa picha moja. Tafadhali, usihukumu lebo kwa picha moja. Na kivuli kinachovuja pande zote za herufi nyekundu, chenye vijisanduku, ni ile picha iliyobanwa na WhatsApp.

Mwisho kwenye lebo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Mara nyingi hizi huchapwa baadaye, kwa mashine nyingine, juu ya lebo iliyokwisha kuchapwa, kwa hiyo wino wake unatofautiana na kati ya chupa na chupa zinahama kidogo. Omba picha ya chupa tatu za boksi moja zikiwa zimepangwa mstari. Tarehe zikikaa mahali palepale bila kupishana hata kidogo, kwa wino uleule wa maandishi mengine, zimechapwa pamoja na lebo, na aliyefanya hivyo ana lebo nyingi za toleo moja. Viwanda vingine huchapa vyote pamoja kihalali, ndiyo sababu chupa ya kulinganishia lazima iwe ya kampuni hiyohiyo na ujazo huohuo, siyo picha ya mtandaoni ya miaka mitano iliyopita.

Tuihukumu hii ya kulia basi. Lebo: rangi zimekaa, tarehe imechapwa tofauti, uchapaji hauna tatizo. Kioo: mkanda mzito begani. Kifuniko: meno ya koleo, mstari wa maka umeachana, ukungu wa gundi. Naiita chupa halali iliyojazwa upya. Kilichomo ndani picha haiwezi kusema, kinaweza kuwa OTC iliyoongezwa maji au kitu kingine kabisa, na hilo ni kazi ya maabara.

Ukiipata ya hivi usimchome ng'ombe na usiimwage. Iweke wima, mahali pa baridi pasipo jua, pamoja na boksi na risiti, na uipeleke ofisi ya kanda yako ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, au kwa daktari wa mifugo wa wilaya. Kwa wa Kenya ni VMD, kurugenzi ya dawa za mifugo. Andika namba ya toleo pembeni ya picha zako.

Na zile chupa tupu za kwako, kabla hujazitupa, chana lebo kwa kisu kuanzia juu hadi chini, kisha ng'oa alumini na ukate mpira vipande viwili. Tochi na lenzi ya kubana kwenye simu mnazoziona hapa zipo dukani kwetu, ila tochi yoyote yenye mwanga mweupe inatosha.